Bukuru Kumi na Mmoja

Jina lake kamili ni Nadine Ciza, na pale ofisini Kasulu walimwita Ciza kwa kuwa ni fupi. Hakuna aliyewahi kumuuliza maana yake. Kwa Waha na kwa Warundi swali hilo halipo: Ciza ni mtoto aliyezaliwa baada ya mapacha. Katika mapacha, anayetangulia kutoka huitwa Bukuru, wa pili Butoyi, na atakayefuata nyuma yao, apende asipende, ni Ciza. Kwa hiyo kila alipoitwa kuja kunywa chai, Nadine alikuwa anaambiwa bila mtu kukusudia kwamba walikuwapo wawili kabla yake.

Hakuwahi kuwaona. Walikufa kambini, kule ng'ambo ya Kibondo, walipokuwa na miaka miwili, katika msimu ule wa kuhara damu. Mama yao, Esteri, aliingia Tanzania akiwa na mimba yao, na mume wake akabaki Burundi, chini ya udongo wa huko. Baadaye aliolewa na mkulima wa Makere, akapata uraia, akamzaa Nadine, akalima maharage miaka yote hiyo, na wala hakuzungumza habari za wale wawili. Ukimwuliza alikujibu kwa kukupa kazi ya kufanya.

Ofisi aliyofanyia kazi Nadine ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitenge. Duka ni la Mzee Hilali, ambaye baba yake alikuja Kasulu kutoka Pangani na mzigo wa khanga asirudi tena. Chumba cha juu ni cha mwanawe, Nurudini, mtengenezaji wa ramani. Nurudini ni mtu mwema, lakini ana maradhi ya usafi. Hufuta vitufe vya kompyuta kwa spiriti kila asubuhi, na akiona mstari umejirudia kwenye jedwali huwashwa mwili mzima kama aliyekalia upupu.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Kampuni moja ya kupanda misonobari ilikuwa imepewa eneo la kambi ya zamani, iliyofungwa miaka mingi iliyopita na kurudia kuwa pori. Sharti lilikuwa moja tu: makaburi yasiguswe. Makaburi rasmi ya kambi hayakuwa na shida, yana uzio na kila mtu anayajua. Tatizo ni yale ya mwanzo. Kabla uwanja wa makaburi haujatengwa, watu walizikana nyuma ya mahema yao, mmoja hapa, wawili pale, hadi kambi nzima ikawa na wafu wametawanyika kama mbegu zilizomwagika. Kampuni ikataka orodha ya kila kaburi na mahali lilipo, ili madereva wa matrekta waiingize kwenye vifaa vyao na kuacha duara la mita kumi na mbili kuzunguka kila nukta.

Daftari lilikuwepo. Lilikuwa la Pasikali Ndayisenga, katekista wa kambi enzi hizo, ambaye sasa ni mzee wa Kibondo mwenye mguu mmoja mbovu na kumbukumbu isiyo na kutu. Aliandika kila aliyemzika: jina, mwaka, na mtaa wa kambi. Majina ya wazazi hakuyaandika. Siku moja alizika watoto tisa, alimwambia Nadine, na penseli ilikuwa moja.

Kwa wiki tatu Nadine na Mzee Pasikali walitembea katika pori hilo na simu yenye kupima majira ya nukta, yaani zile namba mbili zinazosema mahali lilipo kaburi. Nurudini na nakala ya daftari alianzia upande wa pili, wakakutana katikati. Kwa kuwa walikutana katikati, makaburi kadhaa yalipimwa mara mbili, na hilo lilimkera Nurudini tangu siku ile.

Siku ya nane Mzee Pasikali alisimama mbele ya mawe matatu yaliyopangwa juu ya tuta dogo, akamgeukia Nadine. Akasema, "Huyu ni Bukuru wa Esteri. Ndugu yako. Na mwenzake yuko kule chini, karibu na yaliyokuwa mahema ya wagonjwa, maana mama yenu alikuwa amelazwa huko wiki iliyofuata."

Nadine alichukua nukta ya kwanza, akaifuta, akaichukua upya. Kisha wakateremka kwa mwendo wa dakika kumi, akachukua ya pili. Jioni alimpigia mama yake. Esteri akauliza kama mawe bado yapo, akaambiwa yapo. Akasema akimaliza kuvuna maharage atakuja na misalaba miwili ya mninga, amsimikie kila mmoja wake, na akishafanya hivyo atakuwa amemaliza. Nadine hakumbuki mama yake kuwahi kuomba kitu kingine chochote duniani. Alimwahidi.

Jedwali lilipokamilika lilikuwa na mistari elfu moja mia moja na arobaini. Kila mstari ulikuwa na safu za jina, mwaka wa kufa, mtaa, latitudo na longitudo. Lakini vifaa vya matrekta havikutaka jedwali, vilitaka faili la aina ya GeoJSON. Faili hilo ni maandishi ya kawaida, unaweza kuyasoma kwa macho. Nje kuna kifungashio kimoja kinachobeba vitu vyote, na ndani yake kila mahali ni kitu kinachojitegemea chenye sehemu mbili za kuangalia. Ya kwanza inaitwa "geometry", ndiyo inayosema kitu kiko wapi: ni nukta, na majira yake ni haya. Ya pili inaitwa "properties", yaani sifa, na humo unaweka lolote unalotaka kusema juu ya mahali hapo. Kila mstari wa jedwali unakuwa kitu kimoja. Mstari mmoja, kaburi moja, mtu mmoja.

Nurudini aliandika programu fupi ya kuligeuza. Mara ya kwanza walipofungua ramani, Kibondo ilikuwa tupu, na wafu wote walikuwa wamelala jangwani kule mpakani mwa Moroko na Algeria. Wakacheka mpaka Mzee Hilali akapaza sauti kutoka dukani kuuliza kulikoni. Lilikuwa kosa la wanafunzi: kwenye jedwali walitanguliza latitudo, lakini GeoJSON hutaka longitudo kwanza, latitudo baadaye. Nurudini akageuza, thelathini nukta nane ikatangulia mbele ya hasi tatu nukta sita, na makaburi yote yakarudi nyumbani kwa kufumba na kufumbua. Waliona raha. Kosa ambalo lingeweza kuwaaibisha walikuwa wamelikamata, na mtu aliyekwisha kukamata mwizi mmoja huwa halindi tena mlango wa nyuma.

Nurudini alimwomba Nadine akague faili kabla ya kulituma. Akakagua. Nukta zote zilikuwa ndani ya mpaka wa kambi ya zamani. Akabonyeza moja, ikafunguka vizuri, nyingine, vizuri. Kisha akasogeza ramani hadi kwenye yale mahema ya wagonjwa, akabonyeza, na dirisha dogo likafunguka: Butoyi, 1998.

Ilikuwa ni maneno mawili tu. Lakini Nadine aliyaona yakiwa yamekaa kwenye kioo, safi, kwa herufi za kompyuta, na akalia kama mtoto. Alilia kwa ajili ya kaka aliyeishia kuwa sifa mbili kwenye faili. Alijua kwamba mbele kidogo, upande wa juu, kuna Bukuru, na kwamba akimbonyeza atalia zaidi, na Nurudini yuko meza ya pili. Akafunga kompyuta. Akanawa uso, akamwambia Nurudini faili liko sawa, likatumwa mchana huo.

Esteri alifika Kibondo mwezi wa saba, misalaba imefungwa kwenye khanga, amevaa viatu vya kanisani. Nadine alimpokea, wakapanda bodaboda mbili hadi eneo. Pori halikuwepo tena. Kulikuwa na uwanda wa udongo mwekundu uliolimwa hadi macho yanapokoma, na ndani yake vimebaki vikisiwa vya majani, duara, duara, duara. Esteri alisimama akavitazama. Akasema wamefanya vizuri, wameheshimu.

Walianza chini, kwa kuwa ndiko bodaboda ilikoishia. Kisiwa cha Butoyi kilikuwa mahali pake, mawe yake yapo, majani yamefika magotini. Esteri alichimba kishimo kwa jembe la mkono mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Alisimika msalaba, akashindilia udongo kwa viganja, akaimba wimbo mmoja wa Kirundi kwa sauti ndogo. Akainuka, akajifuta, akauliza, "Na mkubwa wake?"

Nadine alifungua ramani kwenye simu akaanza kutembea, mama nyuma yake. Alikumbuka njia hata bila ramani. Walipofika juu hapakuwa na kisiwa. Hapakuwa hata na udongo uliolimwa. Palikuwa pamesawazishwa pakawa bapa kama sakafu, pana vya kutosha kuweka kitalu cha miche, na pembeni kabisa, karibu mwendo wa uwanja wa mpira, tingatinga lilikuwa limesukuma udongo, visiki na mawe yote kuwa kilima kirefu. Alitazama simu. Hapakuwa na nukta. Akakuza ramani, akaipunguza, akaizima akaiwasha.

Mama alimwuliza mara mbili kama ni hapa. Nadine akapiga simu Kasulu, akamwomba Nurudini afungue jedwali la mwanzo na faili la mwisho, ahesabu. Jedwali lilikuwa na elfu moja mia moja na arobaini. Faili lilikuwa na elfu moja na sitini na tatu.

Nurudini alijieleza bila kujificha, hana tabia hiyo. Alisema aliweka kwenye programu kanuni ya kuondoa waliojirudia, kwa ajili ya yale makaburi yaliyopimwa mara mbili pale katikati. Nukta za kaburi moja zilipishana mita nne, tano, hivyo hakuweza kulinganisha majira. Akalinganisha jina na mwaka. Jina na mwaka vikifanana, anabakiza wa kwanza, wengine wanatoka.

"Bukuru wa elfu moja mia tisa na tisini na saba," Nadine akamwuliza, "walikuwa wangapi kwenye jedwali?"

Vitufe vikasikika.

"Kumi na mmoja," Nurudini akasema. "Nilidhani ni huyohuyo. Ciza, nilidhani tulikuwa tunampima huyohuyo."

Alikuwa amebakiza mmoja. Wale kumi, pamoja na akina Butoyi wa mwaka ule na wenye majina yanayojirudia kwa Warundi kama Niyonkuru na Ndayisenga, alikuwa amewafagia kama vumbi. Butoyi wa Esteri alipona kwa sababu moja tu: alikufa mwezi wa kwanza, mwaka ulikuwa umegeuka, na mwaka ule mpya alikuwa Butoyi peke yake. Bukuru alikufa siku nane kabla.

Nadine alimweleza mama yake hapohapo wamesimama, kwa Kiha, taratibu, bila kupunguza. Esteri alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatembea hadi kwenye kile kilima cha udongo na visiki, akakitazama kutoka mwanzo hadi mwisho wake, akarudi. Hakulia. Alisema tu kwamba jua linazama na Kasulu ni mbali.

Kesho yake asubuhi walipanda ngazi za ofisi. Nurudini alikuwa hajalala. Alimwamkia Esteri kwa kuinama, akashindwa kuinuka, akabaki hivyo akimwomba radhi, na machozi yakidondoka kwenye sakafu aliyoipiga deki mwenyewe. Esteri alimwambia akae.

"Kwenu mapacha wanaitwaje?" alimwuliza.

"Kwetu hupewa jina lolote, mama. Sikujua."

"Ego, ndiyo. Sasa umejua."

Hakumwambia neno jingine, na Nurudini alisema baadaye kwamba angetukanwa ingekuwa afadhali.

Walifanya kazi siku nzima, Esteri amekaa kwenye kiti cha dirishani. Nurudini aliandika programu upya. Safari hii kila mstari ulipewa namba yake ya utambulisho kutoka kwenye jedwali, na hakuna mstari uliotolewa na mashine. Waliodhaniwa kujirudia waliwapitia mmoja mmoja, na Mzee Pasikali yuko kwenye simu na daftari lake, anasema huyu ndiye, huyu siye. Waliojirudia kweli walikuwa ishirini na watatu. Waliofutwa wakiwa watu walikuwa hamsini na wanne. Wengi wao walikuwa sehemu ambazo matrekta hayajafika, na Nurudini aliipigia kampuni kusimamisha kazi, akasema kosa ni lake. Wengine walikuwa wamelimwa juu, lakini udongo wao ulikuwa palepale. Pale kwenye kitalu, ambapo tingatinga lilisawazisha, alikuwa mmoja tu.

Nurudini alimweka mahali pake pa zamani. Majira yalikuwepo, Nadine ndiye aliyeyachukua. Nukta ikatokea kwenye ramani, nyekundu, juu ya sakafu ile ya udongo. Akamgeuzia Esteri kompyuta amwonyeshe, pengine akitumaini kusamehewa.

Esteri aliitazama sana.

"Oya, hapana," akasema. "Hapo mtoe."

Nurudini akaeleza kwamba majira ni sahihi, labda yatapishana mita chache.

"Majira ni sahihi, lakini mtoto hayupo. Walimsukuma. Yuko kwenye lile rundo, au hayuko. Mtu akija kesho na hiyo simu yenu, akasimama hapo akasali, atakuwa anaisalia sakafu. Msinidanganyie watu."

Nurudini akamgeukia Nadine. Nadine akasema inawezekana. Kanuni za faili hili zinaruhusu kitu kisichojulikana kilipo: kinabaki na sifa zake zote, lakini pale pa "geometry" unaandika neno moja, "null", yaani hakuna. Kitu hakitatokea kwenye ramani, lakini kimo ndani ya faili, na kinahesabiwa. Akavuta kiti, akafuta namba mbili alizozichukua siku ile ya nane, akaandika neno hilo.

Esteri akauliza kwenye sifa panaweza kuandikwa nini. Akaambiwa chochote.

"Andika mama yake ni Esteri Niyomwungere." Nadine akaandika. "Andika alizaliwa njiani, tumeshavuka mto, siku ya Jumapili. Andika yeye ndiye mkubwa." Akatazama nje, ambako wanawake walikuwa wakipanga nyanya mafungu mafungu. "Alikuwa anaogopa mbuzi. Hilo linaingia?"

"Linaingia, Mama."

"Liandike."

Mstari ule ukawa mrefu kuliko yote katika faili. Nurudini alitoka akaenda kusimama kwenye ngazi. Nadine alihifadhi, akafungua ramani kuhakikisha. Faili likahesabu elfu moja mia moja na kumi na saba. Nukta zilizoonekana zilikuwa pungufu kwa moja.

Hapo ndipo Nadine alipoyasema aliyokuwa ameyabeba tangu jana. Alimwambia mama yake kwamba yeye ndiye aliyekagua lile faili la kwanza. Kwamba alimwona Butoyi, akashindwa kuendelea, akafunga. Angebonyeza mara moja tu upande wa juu angeona Bukuru hayupo, na wakati ule pori lilikuwa bado zima, na mawe yako juu ya tuta.

Esteri alikuwa ameshika ukingo wa dirisha. Alijibu bila kugeuka.

"Mwana wanje, mwanangu, mimi nilipomzika Butoyi waliniambia naweza kupita kwa mkubwa wake kabla ya kurudi hemani. Ni dakika kumi. Nikasema kesho. Niliishi kambini pale mwaka mzima mwingine. Sikwenda. Nilikuwa sijamwona tangu siku tuliyomzika, na jana nilikuwa nakwenda."

Nadine aliinuka akamshika mabega. Mama yake akamwambia hilo asiliandike.